Mgao wa Chakula cha Msaada Auburn: Jinsi Orodha ya Kaya Inavyohesabiwa na Kukaguliwa

Waraka huu umekusudiwa kaya za wahamiaji wanaozungumza Kiswahili katika Auburn na vitongoji vya jirani. Unaeleza jinsi shirika lisilo la faida linavyopanga orodha ya mgao wa chakula cha msaada: jinsi idadi ya watu wa kaya inavyogeuzwa kuwa pakiti za mchele na chupa za mafuta, jinsi majina yaliyoandikwa mara mbili yanavyotambuliwa, na jinsi jumla ya chakula cha kuagizwa inavyopatikana. Utawafaa pia wale wanaojitolea kuandika orodha hizo, kwa kuwa katika mji huu mara nyingi mpokeaji wa wiki hii ndiye mwandishi wa wiki ijayo.

Mwaka 2021, kuanzia mwisho wa mwezi wa Juni hadi tarehe 11 Oktoba, Sydney ilifungwa kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Eneo la Cumberland, ambamo Auburn imo, lilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyowekewa masharti makali zaidi. Watu waliolipwa kwa siku au kwa saa walikosa kazi ghafla, na kaya ambazo hazijawahi kuomba chakula zikalazimika kuomba. Katika hali ya namna hiyo orodha huandikwa kwa haraka na mahali pengi kwa wakati mmoja: msikitini, kanisani, shuleni, kwenye kundi la simu la majirani. Kila mwandishi ana nia njema, na kila mmoja ana mtindo wake wa kuandika jina. Orodha zinapokusanywa kuwa moja ndipo kazi inayoelezwa hapa inapoanza.

Kaya ni watu wa chungu kimoja

Swali la kwanza analoulizwa anayejiandikisha ni idadi ya watu wa kaya yake. Swali hili ni gumu kuliko linavyosikika, hasa kwa familia za Afrika Mashariki, ambamo bibi, mpwa na mgeni wa miezi mitatu wote ni watu wa nyumbani. Kwa ajili ya mgao, kaya si ukoo wala si anwani. Kaya ni watu wanaokula kutoka chungu kimoja. Familia mbili zinazoishi katika fleti moja kwa ajili ya kugawana kodi, lakini kila moja inapika chakula chake, ni kaya mbili. Ndugu watatu wanaoishi katika vyumba tofauti na kupika pamoja ni kaya moja.

Mtoto anayelelewa na wazazi walioachana, au anayelala kwa bibi yake siku za shule, huandikwa mara moja tu, katika kaya anayokula siku nyingi zaidi za wiki. Mtoto wa kiume aliyeolewa na kuhamia Brisbane haandikwi, hata kama mama yake bado anamhesabu kila anapopakua chakula.

Mtoto mchanga huandikwa kama mtu kamili. Jambo hili huwashangaza wengi, kwani mtoto wa mwezi mmoja hali wali. Sababu yake ni kwamba mama anayenyonyesha huhitaji chakula zaidi ya kawaida yake, na fungu la mtoto ndilo linalofidia haja hiyo.

Wale waliopita katika kambi za Nyarugusu, Kakuma au Dadaab wanaujua utaratibu huu kwa jina la saizi ya familia. Kadi ya mgao ilionyesha idadi ya watu, na kila mtu alipimiwa fungu lake. Kipimo kinachotumiwa na mashirika ya Umoja wa Mataifa kupanga chakula cha dharura ni nishati ya kilokalori 2,100 kwa mtu mmoja kwa siku. Hicho ni kipimo cha wastani. Kijana wa kiume anayefanya kazi nzito huhitaji zaidi, na mtoto wa miaka mitatu huhitaji pungufu sana, lakini wote wawili wamekwisha kutiwa katika wastani huo.

Hapo ndipo kosa moja la mara kwa mara linapoingia. Mwandishi anayeona ni haki kumhesabu mtoto kuwa nusu ya mtu, huku akitumia fungu lililopangwa kwa wastani, anakuwa amempunguza mtoto yule mara mbili. Kaya yenye wazazi wawili na watoto watano ni watu 7. Wakihesabiwa watoto kuwa nusu nusu, inakuwa watu 4 na nusu, na kwa fungu la mchele la mfano unaofuata kaya hiyo hupata kilo 7 badala ya 10. Anayepoteza zaidi katika hesabu hiyo ni mama mwenye watoto wengi wadogo.

Fungu la kila mtu, au vikapu vitatu?

Mgao wa Auburn haufanani na ule wa kambini katika jambo moja. Kambini chakula hupimwa kutoka katika magunia, na mtu aweza kupewa kilo 9 na gramu 800 bila taabu. Mjini chakula huja katika pakiti zilizofungwa kiwandani, na pakiti haikatwi. Kwa sababu hiyo mashirika mengi hupendelea vikapu vilivyokwisha kupangwa: kikapu kidogo kwa mtu mmoja au wawili, cha kati kwa watu watatu hadi watano, na kikubwa kwa watu sita na zaidi. Njia hii ni nyepesi kwa wafungaji na foleni huenda haraka.

Ubaya wake umo katika maneno mawili yale, "na zaidi". Tuseme kila mtu amepangiwa kilo 1.4 za mchele kwa wiki, yaani gramu 200 kwa siku. Kikapu kikubwa kilichopangwa kwa watu 6 kitakuwa na kilo 9, kwani 6 mara 1.4 ni 8.4. Kaya ya watu 9 inahitaji kilo 12.6. Ikipewa kikapu hicho hicho, mchele wa siku 7 utakwisha siku ya 5. Familia za watu 8 au 9 si ajabu miongoni mwa Waswahili, Wakongo na Wasomali wa magharibi ya Sydney, na ndizo zinazorudi mlangoni siku ya sita na kuonekana kana kwamba zinaomba mara mbili. Shirika linalotaka kubaki na vikapu hulitatua jambo hili kwa kuongeza kifurushi cha nyongeza kwa kila mtu wa saba na kuendelea. Waraka huu unafuata njia ya fungu kwa mtu, maana ndiyo inayoonyesha hesabu waziwazi.

Majina yaliyojirudia

Chukua orodha ya mfano yenye mistari 8, iliyokusanywa kutoka sehemu tatu. Mistari hiyo ipewe herufi badala ya majina: A mtu 1, B watu 3, C watu 5, D watu 6, E watu 7, F watu 9, G watu 7 na H watu 8. Jumla yake ni watu 46. Idadi hii si ya kweli, na haifai kuagizia chakula kabla ya kukaguliwa.

Njia rahisi ya kukagua ni kutafuta majina yanayofanana. Kwa majina yetu njia hiyo haitoshi. Mohamed, Mohammed, Muhammad na Mohamedi ni jina moja kwa msomaji na majina manne kwa kompyuta. Mtu anayeitwa Ali Hassan Juma aweza kuandikwa Hassan Ali katika orodha moja na Juma Ali katika nyingine, kwa kuwa fomu za Australia hudai jina la ukoo, nasi hatuna, ila jina la baba na la babu. Mke wa Kiislamu hubaki na jina la baba yake, hivyo mume na mke wa nyumba moja hawashiriki jina hata moja.

Namba ya simu ni shahidi bora, ikiwa imeandikwa kwa mtindo mmoja. Namba ya mfano 0491 570 156 na +61 491 570 156 ni namba moja. Katika jedwali la kompyuta, ikiwa namba zimo katika safu ya D, fomula ifuatayo huondoa nafasi na kuchukua tarakimu tisa za mwisho, ambazo hazibadiliki:

```
=RIGHT(SUBSTITUTE(D2," ",""),9)
```

Matokeo yakiwekwa katika safu ya E, fomula ya pili huhesabu ni mara ngapi namba hiyo imeonekana:

```
=COUNTIF(E:E,E2)
```

Jibu likiwa 2 au zaidi, mistari hiyo iangaliwe. Katika orodha ya mfano, F na H zina namba moja. Jina la kwanza limeandikwa Mohamed na la pili Muhammad. F ina watu 9 na H watu 8. Kwa nini zitofautiane? Tarehe ya kuandikishwa hutoa jibu: H iliandikwa mwezi uliopita na F wiki hii, na katikati amezaliwa mtoto. Mstari mpya hubaki, wa zamani huondolewa. Pasipokuwa na safu ya tarehe mwandishi angebaki kukisia, na wengi wangechagua idadi ndogo kwa kudhani kwamba kubwa ni ya uongo.

E na G hazigunduliwi kwa simu wala kwa jina. Mume alijiandikisha shuleni kwa watoto, mke akajiandikisha msikitini, kila mmoja kwa simu yake, wala hakuna aliyekusudia kudanganya. Kinachowafichua ni anwani, nayo pia imejificha: mmoja aliandika fleti ya 4, jengo namba 18, na mwingine akaandika 4/18. Kwa hiyo namba ya fleti na namba ya jengo ziwekwe katika safu mbili tofauti. Hata hivyo anwani moja si ushahidi wa kaya moja, kama ilivyoelezwa juu ya fleti zinazokaliwa na familia mbili. Hapa inabidi kupiga simu na kuuliza kwa upole nani anapika na nani. Katika mfano wetu jibu ni kwamba ni kaya moja ya watu 7, na G huondolewa.

C iliandikwa watu 5. Katika simu hiyo hiyo ya ukaguzi inagundulika kwamba mtoto mmoja hulala na kula kwa bibi yake kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, na bibi huyo ni kaya B, ambayo imekwisha kumhesabu. C hubaki na watu 4.

Zimebaki A na D, na hizi ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa kuliko zote. Wenye kaya hizi mbili wana jina moja na tarehe moja ya kuzaliwa: tarehe 1 Januari 1985. Mwandishi asiyezijua habari za wakimbizi angefuta mstari mmoja bila wasiwasi. Lakini wakimbizi wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa, na walipoandikishwa mara ya kwanza walipewa tarehe 1 Januari ya mwaka uliokadiriwa. Tarehe hiyo ikafuatana nao katika kila hati, hadi leseni ya udereva ya hapa New South Wales. Wanaume wawili wenye jina la kawaida na tarehe hiyo si ajabu hata kidogo. Simu zao ni tofauti, anwani ni tofauti, na wakiulizwa jina la mama kila mmoja hutaja jina lake. Ni watu wawili, na kila mmoja hubaki katika orodha.

Ndiyo maana mstari unaotiliwa shaka hauondolewi, ila huwekewa alama mpaka mwenyewe aulizwe. Makosa haya mawili hayana uzito mmoja. Kaya iliyohesabiwa mara mbili ikipita bila kugunduliwa, shirika limepoteza kikapu kimoja. Kaya D ikifutwa kimakosa, watu 6 watakuja siku ya mgao na kuambiwa mbele ya foleni kwamba hawamo. Huko Dadaab na Kakuma, WFP na UNHCR zilianza mwaka 2013 kutumia alama za vidole ili kumtambua mpokeaji. Shirika dogo la Auburn halina haja ya kukusanya vitu vya siri kiasi hicho. Simu, anwani, jina la mama na mazungumzo ya dakika mbili vinatosha kwa orodha ya kaya mia moja au mia mbili. Kwa orodha kubwa zaidi kupiga simu kila penye shaka huwa kazi nzito, na huo ndio mpaka wa njia hii.

Baada ya ukaguzi, orodha ya mistari 8 na watu 46 imekuwa ya kaya 6 na watu 30.

Kujumlisha pakiti

Mfano wetu una vyakula vitatu vinavyofuata idadi ya watu. Mchele ni gramu 1,400 kwa mtu, katika pakiti za kilo 1. Dengu ni gramu 400 kwa mtu, katika pakiti za gramu 500. Mafuta ni mililita 175 kwa mtu, katika chupa za lita 1. Chumvi haimo katika hesabu hii: pakiti moja kwa kila kaya inatosha, wala hakuna faida ya kiafya kumzidishia mtu chumvi kwa sababu ana watoto wengi.

Hesabu inayokuja akilini kwanza ni kuzidisha fungu kwa watu wote. Watu 30 mara kilo 1.4 ni kilo 42 za mchele. Dengu ni kilo 12, yaani pakiti 24. Mafuta ni lita 5 na robo, yaani chupa 6. Anayeagiza kwa hesabu hiyo atapungukiwa siku ya mgao na atadhani ameibiwa. Kilichomponza ni kwamba pakiti hazigawanywi kwa watu 30, ila kwa kaya 6, na kila kaya hupewa pakiti nzima. Kwa hiyo haja ya kila kaya hupandishwa kwanza hadi pakiti nzima, kisha ndipo pakiti hujumlishwa. Ikiwa idadi ya watu imo katika safu ya C, fomula za mchele, dengu na mafuta ni hizi:

```
=ROUNDUP(C2*1400/1000,0)
=ROUNDUP(C2*400/500,0)
=ROUNDUP(C2*175/1000,0)
```

Matokeo yake ni haya:

| Kaya | Watu | Mchele | Dengu | Mafuta |
|---|---|---|---|---|
| A | 1 | 2 | 1 | 1 |
| B | 3 | 5 | 3 | 1 |
| C | 4 | 6 | 4 | 1 |
| D | 6 | 9 | 5 | 2 |
| E | 7 | 10 | 6 | 2 |
| F | 9 | 13 | 8 | 2 |
| Jumla | 30 | 45 | 27 | 9 |

Mchele ni pakiti 45 wala si 42, dengu 27 wala si 24, na mafuta ni chupa 9 wala si 6. Mafuta ndiyo yaliyoachana zaidi na hesabu ya kwanza, na si kwa bahati: fungu la mtu likiwa dogo na chupa ikiwa kubwa, kila kaya huacha ziada kubwa. Anayetaka kupunguza gharama hiyo atafute chupa ndogo zaidi, asiguse fungu la mtu.

Jedwali hilo linaonyesha pia jambo ambalo mpokeaji huliona kabla ya mwandishi. Mtu mmoja wa kaya A amepata lita nzima ya mafuta, hali kaya F yenye watu 9 imepata lita 2. Hilo si upendeleo, ni matokeo ya chupa isiyokatwa, na hakuna mtu katika F aliyepata pungufu ya mililita zake 175. Ni vizuri maelezo hayo yatolewe mlangoni kabla hayajaulizwa kwa hasira.

Hatua ya mwisho ya kuagiza ni katoni. Muuzaji wa jumla akiuza mchele katika katoni za pakiti 12, pakiti 45 zinahitaji katoni 4, yaani pakiti 48. Tatu zinazobaki ni akiba ya kaya itakayojitokeza siku yenyewe. Ikiwa ghala lina mabaki ya wiki iliyopita, mabaki yatolewe kabla ya kugeuza kuwa katoni, la sivyo shirika litalipia katoni lisiyoihitaji.

Chakula kikija pungufu

Tuseme muuzaji ameleta katoni 3 tu, yaani pakiti 36 za mchele. Njia mbaya kuliko zote, nayo ndiyo inayotokea pasipokuwa na mpango, ni kugawa kama kawaida hadi pakiti zimalizike. Kwa jedwali la hapo juu, wakianza A, B, C, D na E, watachukua pakiti 32, na kaya F ya watu 9 itabaki na 4. Anayefika mwisho mara nyingi ni yule anayetoka kazini jioni au asiye na gari.

Njia ya haki ni kupunguza fungu la kila mtu. Hapa tena hesabu ya haraka hudanganya. Pakiti 36 zikigawanywa kwa watu 30 hutoa kilo 1.2 kwa mtu. Lakini fungu hilo likipandishwa kaya kwa kaya hadi pakiti nzima, A hupata 2, B 4, C 5, D 8, E 9 na F 11, nazo ni 39. Zimepungua tatu. Ikijaribiwa kilo 1.1, A hupata 2, B 4, C 5, D 7, E 8 na F 10, jumla 36 kamili. Fungu linalofaa hupatikana kwa kujaribu namna hiyo, kwa kubadili namba moja katika fomula na kuitazama jumla, mpaka ilingane na kilichopo ghalani. Kufanya hivyo usiku wa kuamkia mgao huchukua dakika tano.

Siku ya mgao

Kabla ya mlango kufunguliwa, mtu ambaye hakuandika orodha ahesabu upya mambo mawili: mistari ya kaya na jumla ya watu. Jioni, pakiti zilizotolewa zikijumlishwa na zilizobaki lazima zilingane na zilizopokewa. Zikipungua moja au mbili, mara nyingi kikapu kimoja kimefungwa vibaya. Zikipungua idadi inayolingana na kikapu kizima cha kaya fulani, kaya hiyo huenda ilichukuliwa mara mbili, na mwandishi anajua mstari gani wa kuutazama.

Orodha inayokaa mlangoni iwe na namba ya kaya na idadi ya pakiti, bila simu wala tarehe za kuzaliwa, maana karatasi hiyo huonwa na kila anayesimama mbele ya meza. Iwe pia na safu moja fupi ya mahitaji: kaya isiyokula nguruwe au inayotaka nyama halali, mtu mwenye mzio wa karanga, mtu asiyeweza kula ngano. Mgonjwa wa kisukari hapunguziwi fungu. Anaweza kuomba dengu zaidi badala ya sehemu ya mchele, na shirika libadilishe pakiti kwa pakiti. Maziwa ya unga ya watoto wachanga hayatiwi katika kikapu cha kila kaya. Mama anayeyahitaji aseme pembeni, ili ashauriwe na muuguzi wa afya ya mama na mtoto.

Kaya ambayo haikuliona jina lake, au ambayo idadi yake imebadilika kwa kuzaliwa, kufiwa, mgeni kuwasili au mtoto kuhama, itoe habari kabla ya orodha ya wiki inayofuata kufungwa. Kinachohitajika ni namba ya simu iliyotumiwa kujiandikisha, anwani yenye namba ya fleti, na idadi ya watu wanaokula chungu kimoja leo. Anayetaka mkalimani wa Kiswahili apige namba 131 450, ambayo ni Huduma ya Taifa ya Tafsiri na Ukalimani. Ataje kwanza lugha anayoitaka, kisha namba ya shirika analotaka kuzungumza nalo.